Akaunti imeigwa au imefungiwa: uongeze mkia, utumie jina lako mwenyewe, au uanze na jina jipya kabisa?

Hili swali linanifikia sana toka watu wa huku kwetu waanze kuuza mchele, parachichi, vikapu na viatu kwa simu. Tapeli kaiga akaunti, au akaunti imefungiwa kabisa, sasa mtu anataka jina jipya na kila anayemuuliza anampa jibu lake. Mmoja anamwambia ongeza "official", mwingine anamwambia achana na hilo jina lina mkosi anza upya. Mimi nashikashika akaunti za wafanyabiashara hapa Mbeya na wachache wa Iringa kwa hiyo nitaweka hizi njia tatu pamoja, nazipima kwa maswali yale yale, halafu wewe utajiangalia unasimama wapi.

Nitatumia mfano wa dada mmoja wa Mwanjelwa anayeuza mchele wa Kyela. Anapakia gunia kwenye basi linashuka Dodoma au Dar, mteja analipokea stendi. Akaunti yake tuiite kyela_safi (nimebadilisha, sitaki kumletea wageni asiowajua). Siku moja mteja wa Dodoma anapiga simu anauliza gunia lake la kilo 50 liko wapi maana nusu ya hela alishatuma. Dada hana habari na hiyo oda kabisa. Kuja kuangalia, hela imeenda kwa kyela__safi. Hebu rudi uisome tena hiyo, ina vistari viwili vya chini vimekaa pamoja, na kwenye simu ndogo yenye kioo kilichopasuka vile vistari viwili vinaonekana kama kimoja kirefu. Picha ya wasifu ile ile, picha za magunia zile zile, hadi maneno ya kwenye bayo kayanakili yote isipokuwa namba ya simu.

Kabla ya majina, jua uko upande gani

Kuigwa na kufungiwa watu wanavichanganya wakati ni mambo mawili mbali kabisa.

Ukiigwa, akaunti yako bado unayo. Unaweza kubadilisha jina ndani ya akaunti hiyo hiyo, wafuasi wote wanabaki, posti zote zinabaki. Na kuna faida moja ambayo wengi hawaijui. Instagram mtu akigusa jina lililo juu kabisa ya wasifu inafunguka sehemu ya About this account, pale kuna tarehe akaunti ilipofunguliwa, na mara nyingi nchi iliko pamoja na kama iliwahi kutumia majina mengine. Ukibadilisha jina tarehe haibadiliki, kwa hiyo akaunti yako ya miaka minne itaendelea kusoma miaka minne na ya tapeli itasoma mwezi huu. Huo ni ushahidi mzuri na haukugharimu kitu.

Hasara yake ni kwamba jina la zamani ukiliacha linakuwa halina mwenyewe. Instagram kwa kawaida inakushikia siku 14 ili ukijuta urudi, baada ya hapo mtu yeyote anaweza kulichukua, na unajua nani analivizia. Yule wa vistari viwili akiipata kyela_safi yenyewe ndio umemkabidhi duka. Kwa hiyo ukihama, fungua akaunti ndogo kwa imeili nyingine na uwe unajaribu kulishika lile jina la zamani mara linapoachiwa, ukilipata weka posti moja tu, "tumehamia jina fulani", basi. Wakati mwingine mfumo unakataa kulitoa, na ukikataliwa wewe hakikisha mara moja moja kwamba na mwingine hajalipata.

Ukifungiwa hali ni nyingine, wafuasi wamebaki ndani na huwezi kuposti hata neno la kwaheri. Hapa usikimbilie jina jipya kabla ya rufaa. Instagram inatoa siku 180 za kukata rufaa, zikipita hizo imekwisha. Na ukweli mchungu ni kwamba masharti yao yanasema mtu ambaye akaunti yake ilifungwa kwa kuvunja sheria hatakiwi kufungua nyingine. Ukifungua wakati kosa lipo kweli, tena kwa simu ile ile na namba ile ile, unaweza ukajenga miezi mitatu halafu nayo ikaondoka. Lakini kama ulifungiwa kwa sababu tapeli na wenzake walikuripoti kwa wingi, rufaa ina maana sana, ipiganie kwanza na wateja uwashike kwa WhatsApp wakati unasubiri.

Nitakavyozipima

Maswali ni manne. Mteja wa zamani akitafuta kwa jina alilozoea atakufikia? Tapeli ataliiga kwa urahisi gani, na akiiga utakuwa na karatasi gani ya kumripotia? Jina linatajika kwa mdomo kwenye simu bila kuanza kueleza vistari na nukta? Na je linaingia mitandao yote, maana X mwisho ni herufi 15, TikTok 24, Instagram 30. Ukichagua refu la Instagram utalazimika kuwa na jina lingine X, na majina mawili tofauti ndio mlango tapeli anaoutafuta.

Njia ya kwanza: jina lile lile na mkia

Hii ndio wengi wanaanza nayo, kyela_safi inakuwa kyela_safi_mbeya. Kwa kutafutwa haina mpinzani, mteja akiandika "kyela safi" unatokea hapo hapo, na yule aliyekusahau nusu atakukumbuka.

Kwenye kuigwa ndio inayumba. Jina ulilobaki nalo ndilo tapeli analolijua tayari, ataongeza mkia na yeye. Mkia mbaya kuliko yote ni "official", halafu "original", halafu "real", hayo matapeli wameyatumia hadi mteja akiyaona anashtuka kuliko kuamini. Namba nazo zinaumiza, kyela_safi2 inaonekana feki kuliko feki yenyewe. Mkia wa mahali una nafuu kwa sababu unabeba habari ambayo mteja anaweza kuihakiki, akijua gunia linatokea Mbeya na akaunti inasema mbeya, vinaoana. Karatasi ya kuripotia ni kama ile uliyokuwa nayo mwanzo, nitaieleza vizuri kwenye njia ya pili.

Kutajika kwa mdomo kunategemea umeandikaje. Jaribu kumwambia bibi wa Tukuyu kwenye simu "kyela, kistari cha chini, safi, kistari cha chini, mbeya", atakuambia mjukuu wangu nitumie tu kwa WhatsApp. Ushauri wangu ni kuondoa kistari cha katikati, kyelasafi_mbeya. Kwanza vile vistari viwili vya tapeli vinabaki na sehemu moja tu ya kujificha, pili hesabu herufi zake, ziko 15 kamili, inaingia X, TikTok na Instagram bila kukata. Ile kyela_safi_mbeya ni 16, X wanaikataa. Angalia pia herufi l kwenye "kyela", inaweza kubadilishwa ikawa namba 1, kye1a, na kwenye maandishi madogo huioni. Jina lenye l nyingi lina hiyo shida siku zote.

Inamfaa mwenye jina linalojulikana tayari, wateja wengi wa mbali wanaotafuta kwa kuandika, na akaunti ambayo bado anayo mkononi.

Njia ya pili: jina lako mwenyewe

Hapa biashara inavaa jina la mtu. Huku kwetu wafanyabiashara wengi wa kina mama tayari wanaitwa mama fulani, kwa hiyo mamafulani_mchele (weka jina la mtoto wako pale) linasikika kawaida kabisa, na sokoni ukiuliza hivyo utapelekwa hadi kwenye meza.

Kutafutwa kunapungua kidogo. Wa Mbeya watakupata, wa Dar aliyekujua kwa "Kyela Safi" hatajua mama fulani ni nani. Dawa yake ni ile sehemu ya jina la kuonekana, lile linalokaa tofauti na yuzaneimu. Instagram inatafuta kote kuwili, kwa hiyo yuzaneimu ikawa mpya na jina la kuonekana likaendelea kusoma "Kyela Safi Mchele Mbeya" hata kwa miezi. Angalia tu usilichezee hovyo, linabadilishwa mara mbili ndani ya siku 14 halafu linagoma.

Kwenye kuigwa ndio njia hii inang'aa. Tapeli anaweza kuiba picha zako, sawa, lakini unaporipoti kwamba mtu anajifanya wewe, Instagram wanataka picha ya kitambulisho, na wewe kadi ya NIDA unayo na sura inafanana na picha za kwenye akaunti. Mwenye jina la biashara tupu hapo anahangaika. Cheti cha jina la biashara cha BRELA kinasaidia kuonyesha wewe ndiye mwenye biashara, ila jina la biashara lililosajiliwa sio alama ya biashara, hivyo ni vitu viwili hata hapo BRELA penyewe vinasajiliwa tofauti, na ile fomu ya kulalamika kuhusu alama ya biashara inauliza usajili wa alama. Wengi wetu hatuna.

Halafu kuna lipa namba. Mteja akiingiza namba, kabla hajaweka siri anaona jina. Kama akaunti inasema mama fulani na kwenye kulipa linatokea jina linalofanana na hilo, mteja anatulia. Kama akaunti inasema Kyela Safi na linatokea jina la mwanaume asiyemjua, hata kama ni la shemeji yako kweli, umempa wasiwasi wa bure na umemzoesha kulipa kwa majina ya ajabu, na tapeli anapenda wateja waliozoeshwa hivyo.

Ubaya wake ni kwamba biashara inaganda na wewe. Ukitaka kumwachia mdogo wako, au mkiwa wawili wenye mali, inaanza maneno. Na wapo ambao hawataki kabisa sura na jina lao vizagae mtandaoni hasa baada ya kutapeliwa, hao siwalaumu. Kutajika kwa mdomo ni rahisi sana, urefu ndio uangalie, mamafulani_mchele ni herufi 17, X haiingii, mamafulani peke yake ni 10.

Inamfaa anayeuza mwenyewe, anayejulikana kwa sura na sauti, na ambaye anataka nguvu ya kuripoti.

Njia ya tatu: jina jipya kabisa

Tuseme dada anahamia bondelampunga. Herufi 13, hakuna kistari, hakuna nukta, unalitamka mara moja kwenye simu mtu anaandika. Kwa kutajika na kuingia mitandao yote njia hii inashinda kirahisi kwa sababu unachagua ukiwa na akili ya kilichokupata, na unaweza kuangalia kama lipo wazi kote kabla hujalitangaza.

Kwa kuigwa inakupa mwanzo safi, akaunti za tapeli zilizojengwa juu ya jina la zamani zinabaki zinaiga kitu ambacho hakipo. Ila zinaendelea kula wale wateja ambao hawajasikia kwamba umehama, na huo ndio mtihani wake. Mteja wa zamani akiandika "kyela safi" anamkuta tapeli peke yake, wewe haupo! Kwa hiyo ukichagua hii jina la kuonekana lazima libebe la zamani kwa muda mrefu, na tangazo lazima liwe la nguvu. Karatasi ya kuripotia inategemea kama utasajili hilo jina mapema, na hapo una nafasi ya kuanza vizuri kuliko wenzako.

Gharama nyingine watu hawaihesabu ni vitu vilivyochapwa. Mifuko ya kilo 5 na 10 yenye jina la zamani, stika, bango la meza, risiti. Dada alikuwa na mifuko bado imefungwa robota. Kwenye njia ya mkia unaweza kugonga mhuri wa "_mbeya" pembeni ya jina ukaendelea, kwenye jina jipya unafunika kwa stika moja moja.

Inamfaa ambaye jina la zamani limechafuka mpaka watu wanalitaja kwenye magrupu kama la matapeli, au aliyekuwa anataka kubadili biashara hata kabla ya haya, mfano kutoka mchele peke yake kwenda mchele na maharage ya Mbozi.

Kuwaambia watu

Hapa ndipo penye kazi kuliko jina lenyewe. Akaunti mpya ya mtu halali inafanana kabisa na akaunti ya tapeli, zote wafuasi wachache, zote picha zimepandishwa siku moja, zote zinasema "ile nyingine ni feki". Mteja atachaguaje? Kwa hiyo tangazo lipite mahali ambapo tapeli hana ufunguo, na kwa muuzaji wa huku mahali hapo ni namba ya simu ambayo mteja alishaisevu.

Brodikasti ya WhatsApp inaingia watu 256 kwa orodha moja na inamfikia tu yule aliyesevu namba yako. Watu wanaona hilo ni kasoro, kwenye jambo hili ni zuri, maana aliyesevu ndiye anayekujua. Stetasi nayo iwekwe, ila inaisha baada ya saa 24 kwa hiyo irudie siku kadhaa, asubuhi na jioni. Dada wa mchele alituma hivi:

"Habari zenu wateja wangu. Akaunti yangu ya Instagram nimebadilisha jina, sasa ni kyelasafi_mbeya, herufi zote ndogo, kistari kimoja tu kabla ya mbeya. Namba ya simu ni hii hii mliyoizoea. Lipa namba ni ile ile na jina linalotokea ni lile lile. Kuna mtu anatumia picha zangu anaomba nusu ya hela kabla, sio mimi. Ukiwa na shaka nipigie tuongee."

Tazama alichokiacha. Hakuweka ofa, hakuweka linki peke yake, hakuomba hela, hakusema "ripotini haraka" kwa herufi kubwa. Na jambo kubwa zaidi hakubadilisha namba ya malipo. Jina jipya na lipa namba mpya kwa wiki moja ni mwiko kabisa, hata kama ulikuwa na mpango wa kuhamia mtandao mwingine wa simu, subiri, maana ujumbe wa "nimebadilisha akaunti na namba ya kulipia" ndio ujumbe wa tapeli neno kwa neno. Mteja mmoja wa Iringa alimpigia hapo hapo, "kamwene dada, nilikuwa nataka tu nisikie sauti", wakacheka, akaagiza.

Kwenye Instagram yenyewe kama akaunti unayo bandika posti ya tangazo juu kabisa ya wasifu. Watu wanabishana kama utaje jina la tapeli. Mimi naona kwa WhatsApp taja, hadharani weka skrinshoti yenye duara jekundu kwenye vile vistari viwili, usim-tagi, maana ukimtagi umempelekea wageni kwa kubonyeza mara moja. Aliyefungiwa hana pa kubandika, huyo awaombe wauzaji wenzake wanaojulikana, wa maharage au wa mafuta ya alizeti, waweke tangazo kwenye akaunti zao wakiwa wao ndio wanaongea: "namfahamu, tunauza soko moja, akaunti yake mpya ni hii". Mwenzako kukushuhudia kuna uzito kuliko wewe kujishuhudia mara kumi. Ndani ya kila gunia linalosafiri tupia kikaratasi pia, kuna wateja stendi hawaangaliagi stetasi kabisa.

Kama kuna mtu ameshatoa hela, mshauri aende polisi akachukue RB akiwa na skrinshoti na muamala, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inakataza kujifanya mtu mwingine kwa njia ya kompyuta. Namba ya tapeli inayotuma meseji za kuomba hela ipelekwe 15040.

Ukijiangalia ulipo

Umeigwa, akaunti unayo, na wateja ni wa mbali wanaokutafuta kwa kuandika: mkia wa mahali unakutosha, ondoa vistari vya katikati, na vizia jina la zamani lisiende kwa mwingine.

Umeigwa zaidi ya mara moja na kila ukiripoti unaambiwa lete uthibitisho: fikiria jina lako mwenyewe, kwa sababu ya kitambulisho na kwa sababu ya lipa namba.

Umefungiwa na unajua kabisa kosa ulilifanya, mfano ulikuwa unapandisha video za watu: jina lolote utakalochagua halitatatua hilo, kata rufaa, na mauzo yahamie WhatsApp huku ukisubiri jibu.

Umefungiwa bila kosa na siku 180 zimepita: jina la zamani lenyewe huenda usilipate tena, hapo angalia wateja wako wanakufikiaje. Kama wateja wako wengi umewasevu nao wamekusevu, jipya kabisa linawezekana. Kama wengi walikuwa wanakufuata tu Instagram na huna namba zao, chukua lile litakalofanana zaidi na la zamani ingawa linaigika, maana hao wana njia moja tu ya kukufikia, kuandika jina wanalolikumbuka.

Na kama wateja wako wote ni wa hapa hapa, wanafika Mwanjelwa au Soweto wanabeba wenyewe, basi hata usibadilishe. Ripoti feki, bandika onyo juu ya wasifu, na hela ya stika mpya nunulia mifuko.